Ukiwa peke yako, andika "mimi"

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi, mtafsiri kama mimi, aliniandikia: "Yaya, nikiandikia kampuni za migodi niseme mimi ao sisi? Rafiki zangu wanasema mutu mumoja hapewi kazi." Nilimjibu kwa ufupi kwenye simu. Hapa namjibu kwa urefu, maana swali lake linanigusa.

Kwa miaka kadhaa nilitafsiri kwa ajili ya ofisi moja ya hapa Lubumbashi. Barua zake zote zilitaja "timu yetu ya watafsiri". Upande wa Kiswahili, timu hiyo ilikuwa mimi. Wateja hawakujua hata jina langu. Mmoja alipouliza kwa nini neno fulani limetafsiriwa hivi na si vile, swali lilipita kwa watu wawili kabla ya kunifikia, na jibu langu likafika kwake limepinda. Hilo bado linaniuma. Lakini ndipo nilipoona anachokosa mteja mbele ya hiyo "sisi": hajui amuulize nani.

Mwezi uliopita nilipata kazi ambayo kampuni kubwa kuliko mimi iliitaka pia: kitabu cha usalama kazini cha mgodi mmoja, maneno 24,000, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Sehemu muhimu ya barua yangu ilisema hivi:

"Natafsiri mimi mwenyewe, maneno 2,000 kwa siku, kwa hiyo siku 12 za kazi. Kisha mwenzangu, ambaye jina na simu yake viko hapa chini, atasoma tafsiri yote akiilinganisha na Kifaransa kwa siku 3. Tutakabidhi siku ya 15. Mkataba na malipo ni kwa jina langu."

Tazama mahali ambapo "tu" inaingia: baada ya mtu wa pili kutajwa, si kabla. Mtu huyo si pambo. Kanuni ya kimataifa ya huduma za tafsiri, ISO 17100 ya mwaka 2015, inataka tafsiri ipitiwe na mtu mwingine asiye mtafsiri mwenyewe. Kwa hiyo anayejiita "sisi" akiwa peke yake anaahidi kitu ambacho hana, na mnunuzi anayeijua kanuni hiyo ataomba jina la mpitiaji siku hiyohiyo.

Washindani wangu waliahidi siku 5. Hawakudanganya: watafsiri wanne wakigawana maneno 6,000 kila mmoja, wanamaliza kwa siku 3, zinabaki 2 za kuunganisha. Hiyo ndiyo nguvu ya kampuni, na kama mgodi ungekuwa na haraka, kazi ilikuwa haki yao. Lakini watu wanne wakigawana kitabu kimoja, wa kwanza ataandika "kaske", wa pili "helmeti", wa tatu "kofia ngumu", na mfanyakazi atadhani ni vifaa vitatu. Siku 2 hazitoshi kusafisha hayo. Mkuu wa usalama alilijua jambo hilo, akachagua kusubiri.

Aliniuliza swali moja zito: ukiugua? Mtu wa peke yake asikwepe swali hili, wala asilifiche nyuma ya "sisi". Liandike mwenyewe. Mimi nakabidhi kila maneno 5,000 yanapokamilika, pamoja na orodha ya istilahi nilizochagua. Nikianguka katikati, mwenzangu anaendelea kwa maneno yaleyale, na mgodi haujapoteza kilichokwisha fanyika.

Kuna pia karatasi. Mnunuzi wa mgodi ataomba namba yako ya RCCM, yaani ya daftari la biashara. Katikati ya namba hiyo kuna herufi: A ni mtu binafsi, yaani hata ile "Ets" yenye jina zuri, B ni kampuni. Barua ikisema "sisi, kampuni yetu" na namba ikaonyesha A, ofisi ya manunuzi inaona mara moja, na kuanzia hapo hata bei yako inatiliwa shaka. Ndugu zangu, msijivike koti la mtu mwingine kwa ajili ya kazi ya wiki tatu!

Na ukiandikisha SARL, yaani kampuni yenye dhima ya mipaka? Sheria za biashara za OHADA, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, zinaruhusu SARL ya mwanachama mmoja. Hapo kinachosaini mkataba ni kampuni, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye mkataba na fakitura. Lakini katika barua ya kwanza bado useme "nitatafsiri mimi", maana ndivyo itakavyokuwa.

Kwa kijana wa Likasi: uliniambia dada yako anakusaidia kusoma kazi zako. Kama anakijua Kifaransa vizuri kiasi cha kulinganisha sentensi kwa sentensi, omba ruhusa yake, mtaje kwa jina, mlipe sehemu yake, kisha andika "tutakabidhi". Kama anasoma Kiswahili tu, tafuta mpitiaji mwingine kabla hujatuma barua yoyote.