Kibodi moja, kishikwambi na simu

*Fundi, mimi ni mwalimu hapa Tukuyu. Kibodi yangu ya Bluetooth ina vitufe 1, 2 na 3 juu. Nikiiunga na simu, kishikwambi kinaikataa mpaka nianze upya. Tena nikitaka @ inatoka alama ya kunukuu. Nifanyeje?*

Mwalimu, kibodi yako ni nzima. Vile vitufe vitatu ni nafasi tatu, na kila nafasi inakumbuka kifaa kimoja tu. Inaelekea unaoanisha kila kitu kwenye 1. Simu ikiingia pale, siri waliyopeana kibodi na kishikwambi inafutwa upande wa kibodi, lakini kishikwambi bado kinaonyesha jina la kibodi kama kawaida. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: jina lipo, muunganisho haupo.

Kwanza fungua orodha ya Bluetooth kwenye kishikwambi na kwenye simu, ifute kibodi kote kuwili. Kisha shikilia kitufe 1 kama sekunde 3, mpaka taa yake ianze kumetameta harakaharaka. Kwenye kishikwambi gusa «Oanisha kifaa kipya», chagua kibodi, na zikitokea tarakimu ziandike kwa kibodi yenyewe halafu bonyeza Enter. Ukimaliza, shikilia 2 ufanye vivyo hivyo kwa simu. Nafasi ya 3 iachie kompyuta ya shule.

Kuanzia hapo, kuhama ni kugusa tu na kuachia. Juzi dada mmoja wa Uyole aliniletea kibodi akisema inajitenga yenyewe. Nilimtazama akiandika: kila alipotaka kurudi kwenye simu alikandamiza 2 kwa nguvu na kukaa nayo, kibodi ikaanza kutafuta kifaa kipya.

Sasa hiyo @. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe kilichobonyezwa. Kishikwambi ndicho kinachoamua ni herufi gani. Kikipangwa kwa Kiingereza cha Uingereza, Shift+2 hutoa ", na cha Marekani hutoa @. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya «Kibodi halisi», uchague mpangilio unaolingana na michoro ya vitufe vyako. Kiswahili hakidai herufi ya ziada, maana hata ng' ni n, g na alama ya ritifaa tu. Ila ongeza lugha ya Kiswahili, la sivyo kisahihishaji cha Kiingereza kitakuharibia maneno. Kubadili lugha kwenye Android nyingi ni kitufe chenye nembo ya Windows au kioo cha kukuzia pamoja na Space. Kwenye iPad ni Ctrl+Space.

Njia za mkato usizikariri. Kwenye Android bonyeza kitufe hicho cha nembo pamoja na /, orodha itafunguka. Kwenye iPad shikilia Command. Utakayoitumia sana ni Alt+Tab, ya kuruka kutoka andalio la somo kwenda kwenye programu nyingine bila kugusa kioo. Kwenye iPad ni Command+Tab.