Kenchi ya memba mbili: egemeo kwanza, halafu alama ya mshazari

"Wakuu, nimekusanya matrisi ya ukakamavu ya 6×6 ya kenchi ya memba mbili iliyofungwa ukutani. Nikitumia `np.linalg.solve` napata `Singular matrix`. Hesabu nimezirudia mara tatu, shida iko wapi?"

Mkuu, matrisi yako huenda iko sawa. Ila bado hujaiambia kwamba viungo viwili vimefungwa ukutani, kwa hiyo kwake kenchi nzima inaelea na msogeo wake hauna jibu moja. Futa mistari na safu wima za viungo vya ukutani, ubaki na 2×2.

Mimi niliihesabu hivi Lindi, kwa upenu wa kupakilia ufuta ghalani. Kiungo 1 kiko ukutani, kiungo 2 kiko mita 3 juu yake, na kiungo 3 ndiyo ncha, mita 4 nje, usawa mmoja na kiungo 1. Memba ya mlalo ina mita 4, mshazari mita 5. Zote zilikuwa fletibaa ya 50×10, EA = 100,000 kN, kwa hiyo EA/L ni 25,000 na 20,000 kN/m. Mzigo wa ncha ni 15 kN kwenda chini.

Memba zote mbili zinafika kiungo 3, hivyo michango yao inajumlishwa hapo. Mshazari unashuka kutoka 2 kwenda 3: c = 0.8, s = -0.6.

```
K = [[37800, -9600],
     [-9600,  7200]]   # kN/m
F = [0, -15]           # kN
```

Hiyo 37,800 ni 25,000 + 20,000×0.64, na -9,600 ni 20,000×0.8×(-0.6). Ncha inashuka mm 3.15 na kurudi ukutani mm 0.8. Memba ya mlalo inapata 25,000×(-0.0008) = -20 kN, yaani inabanwa. Mshazari unavutwa kwa 25 kN.

Sasa chunga hapa, maana ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilisahau alama ya kutoa kwenye s. Kompyuta haikulalamika. Ncha ilishuka mm 3.15 zilezile, na hata nguvu za kiungo zilijumlika sifuri, kwa sababu nilikuwa nimehesabu kenchi nyingine, yenye mshazari unaosukuma kutoka chini. Kilichogeuka ni alama tu: memba ya mlalo ikaonekana inavutwa, nami nikairidhia fletibaa.

Fundi wa kuchomelea aliishika ile fletibaa ya mita 4, ikayumba mkononi, akaniuliza, "Bosi, hii ya chini si ndiyo itakayobanwa?" Nilirudi kwenye karatasi. Kwa fomula ya Euler, ikiwa ncha zake zinazunguka huru, inajikunja ikifika takriban 0.5 kN, na mimi nilikuwa naipa 20.

Tukaweka bomba la mraba la 80×80×3 kwenye mlalo. Kwa kuwa eneo la chuma limebadilika, nikakusanya matrisi upya: nguvu zilibaki zilezile, ncha ikashuka mm 2.66.