Ukimrudia mwombaji uliyemkataa, mwambie ukweli kabla hajafunga mizigo

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya usambazaji Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2024 tulimsaili dada mmoja kwa nafasi ya mhasibu msaidizi. Vitabu vya hesabu alivijua, ulinganisho wa akaunti za benki aliufanya vizuri, ila swali la mishahara lilimwangusha. Tulimpa mfanyakazi wa mshahara ghafi wa 1,200,000, atafute kinachoingia mkononi. Alipiga kodi ya mshahara, PAYE, juu ya fedha yote akapata 188,000, ndipo akatoa mchango wa mfuko wa pensheni wa NSSF.

Hapo ndipo alipokosea. Asilimia 10 ya NSSF inatoka kwanza, yaani 120,000. Kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vya wakati ule, PAYE yake ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya zile 80,000 zilizozidi, ambayo ni 24,000. Jumla 152,000. Mfanyakazi anabaki na 928,000. Yeye alimkata mtu wa watu 36,000 zaidi, na hiyo ni kila mwezi.

Tukamkataa. Lakini kwenye jedwali langu la waombaji, safu ya "kilichopungua", sikuandika "uzoefu mdogo". Niliandika: "Hajui kinachotoka kabla ya PAYE. Mengine yote yuko sawa." Kwenye barua ya kumkatalia nilimweleza hivyo hivyo, nikamwomba ruhusa ya kutunza maombi yake miezi 12. Ruhusa ile si adabu tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kufanya kazi, huwezi kukalia wasifu wa watu kabatini kana kwamba ni mali yako. Alijibu kwa neno moja: "Sawa."

Miezi minane baadaye nafasi ikafunguka tena. Kabla hata ya kutangaza nikafungua jedwali, nikamwandikia kumuuliza kama bado anatafuta kazi na siku hizi anashughulika na nini. Akasema yuko kwenye shule binafsi, anaandaa mishahara ya watu 34. Sikumwomba cheti. Nilimuuliza mwezi uliopita ulimsumbua wapi. Akaniambia kuna mwalimu aliyeanza kazi katikati ya mwezi, akaeleza alivyomhesabia siku zake na alivyowahisha PAYE kabla ya tarehe 7. Aliyesoma darasani tu hakupi jibu la namna hiyo.

Sasa, namna ya kumwalika. Hapa niliwahi kuharibu. Miaka ya nyuma nilimpigia kijana mmoja nikamwambia, "Njoo, safari hii mambo yako yameiva." Akaacha kazi yake wiki ile ile. Kwenye usaili akashindwa na mwingine, na mimi nikabaki natazama chini kwa aibu. Tangu siku ile simu napiga ya kusalimia tu. Mwaliko unakwenda kwa barua pepe ya ofisi. Tena matapeli wa ajira wamejaa, simu ya ghafla yenye neema nyingi humfanya mtu asubiri kuambiwa atume elfu thelathini ya fomu. Nilimwandikia hivi:

"Habari dada. Mwezi Machi tulikwambia kilichopungua ni hesabu ya mishahara. Nafasi ile ile imefunguka, na tungependa uombe tena. Huu si uthibitisho wa ajira. Watakuwepo waombaji wengine. Hutarudia mtihani wa vitabu, alama zako za mwanzo zinabaki. Utafanya jaribio la mishahara na mahojiano. Tafadhali usiache kazi uliyonayo. Hakuna malipo yoyote."

Kumsamehe mtihani wa vitabu kulizua maneno. Meneja wa fedha aliona tunampendelea. Tukakubaliana kwamba karatasi ya mishahara iwe moja kwa waombaji wote, takwimu mpya, majina yafichwe kwa namba, na asahihishe mtu ambaye hakuwepo usaili wa kwanza. Ukimpa swali lile lile la zamani unapima kumbukumbu yake tu.

Akapata yote. Pembeni ya karatasi aliandika kwa penseli: "Huyu wa nne ameanza tarehe ngapi?" Swali halikuwa na tarehe, kosa letu, na wengine walilipita wakahesabu mwezi mzima.

Tatizo likaja kwenye ofa. Tulimwandikia mshahara ule ule tuliotangaza mwanzoni mwa mwaka. Akanipigia, kwa upole: "Kaka, yule mliyemkataa angeupokea huu. Mimi sasa hivi napata zaidi." Nilikuwa nimesahau kabisa kuuliza anapokea kiasi gani, na hilo lilikuwa swali la kuuliza kwenye ile barua ya kumuuliza kama bado anatafuta kazi. Ilinichukua siku sita kumshawishi meneja aongeze 150,000, na siku zote sita yule dada hakuandika barua ya kuacha kazi shuleni.