Viungo vyote vinasikika "bofya hapa"

"Msomaji wangu asiyeona anasema viungo vya tovuti yangu havitofautiani. Mbona kila kimoja kina maelezo yake pembeni?"

Ndugu, huenda hayo maelezo hayamfikii. Kwenye NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, akibonyeza Insert+F7 anapata orodha ya viungo vitupu, bila aya zake. Ukiwa na vitano, atasikia "bofya hapa" mara tano. Ijaribu mwenyewe, utaona anavyohangaika.

Hamishia kiungo kwenye maneno yanayotaja kinakoelekea. "Kupata fomu ya kujiunga, bofya hapa" iwe:

```html
<a href="fomu.pdf">Fomu ya kujiunga (PDF)</a>
```

Neno la kutofautisha litangulie, maana kwenye orodha ile mtu huandika herufi za mwanzo kurukia anachotaka. Viungo vyote vikianza na "Pakua", herufi hizo hazimsaidii.

Wengine huacha "bofya hapa" na kuweka maelezo ndani ya `aria-label`, jina la kiungo lisiloonekana kwenye skrini. Mimi nakushauri usifanye hivyo. Anayeendesha kompyuta kwa sauti hutamka maneno anayoyaona. Yasipokuwemo kwenye `aria-label`, kiungo kinaweza kukataa kufunguka.

Kama "Soma zaidi" inajitokeza yenyewe chini ya kila habari, mwombe aliyekutengenezea tovuti aunganishe kichwa cha habari chenyewe.