Jibu: kura ya maoni Uswisi na ulinzi wa wachache

"Uswisi wanadai wingi wa wapiga kura na wingi wa kantoni, yaani majimbo yao, pia ili kubadili katiba. Sasa wachache si wamelindwa tayari?"

Salaam ndugu. Angalia kwanza hao wachache wanaishi wapi. Wingi wa kantoni unakinga kantoni ndogo, si kundi lililotawanyika nchi nzima.

Chukua kura ya kupiga marufuku minara ya misikiti, Novemba 29, 2009. Waliolianzisha pendekezo walihitaji saini 100,000 ndani ya miezi 18, wakazipata. Serikali na bunge waliwashauri wananchi wakatae, lakini asilimia 57.5 wakakubali, na kantoni nyingi vilevile. Minara yenyewe nchi nzima ilikuwa minne tu! Waislamu hawana kantoni hata moja ambako wao ndio wengi, na wengi wao hawakuwa raia, kwa hiyo hawakupiga kura.

Bunge lingeweza kulibatilisha mapema, ila kwa hoja ya haki za watu kizingiti ni cha juu: lazima likiuke kanuni zisizovunjika za sheria ya kimataifa, kama katazo la mateso. Hili halikufika huko. Muswada wa kawaida ungepunguzwa makali kwenye kamati. Kura ya maoni ni ndiyo au hapana, na matokeo yakaingia kwenye katiba yenyewe, ibara ya 72.