Chumvi Haina Moto Ndani Yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi nchi ya theluji. Juzi asubuhi, baridi ikiwa nyuzi 14 chini ya sifuri, nilimwaga kilo nzima ya chumvi ya mezani kwenye njia ya kuingilia nyumbani, kama mita mraba 10 hivi, barafu ikiwa na unene wa milimita 2. Ilitobokatoboka tu. Mchana ikalainika, lakini jioni njia ikawa inateleza kuliko mwanzo. Jirani anasema chumvi hiyo imekaa sana dukani, moto wake umeisha. Ni kweli? Na kama chumvi inazuia maji yasigande, mbona bahari nayo huganda?

Jibu: Marahaba. Chumvi yako haina kasoro. Chumvi iliyochimbwa ardhini imekaa huko mamilioni ya miaka kabla ya kufika dukani, kwa hiyo miezi michache ya rafuni haiwezi kuichosha. Kasoro iko kwenye huo "moto". Kila msimu wa baridi naletewa neno hilo, na watu wazima waliosoma hulitamka bila kusita: chumvi ina joto, ndiyo maana barafu huyeyuka. Haina. Kinyume chake, ikikutana na barafu inayapoza maji zaidi ya yalivyokuwa.

Usiniamini mimi, amini kipimajoto. Ponda barafu gramu 300, tia kwenye kikombe pamoja na maji kidogo, ngoja kipimajoto kitulie penye sifuri. Halafu mwaga chumvi gramu 100, koroga kwa kijiko cha mti. Utaona barafu inalegea na maji yanaongezeka, na wakati huohuo kipimajoto kinashuka: 5 chini ya sifuri, 10, 15. Ukikoroga vizuri kitakaribia 20 chini ya sifuri, na nje ya kikombe unyevu wa hewani utaganda na kuwa ukungu mweupe unaokwaruzika kwa ukucha. Kama chumvi ingekuwa na moto, ule weupe umetoka wapi? Fahrenheit alipochapisha kipimo chake mwaka 1724, sifuri yake aliipata kwenye mchanganyiko wa namna hiyohiyo, wa barafu, maji na kloridi ya amonia, kwa sababu ulimpa baridi kali anayoweza kuirudia.

Sasa, barafu inayeyukaje bila moto? Tazama pale barafu inapogusana na maji. Hapo molekuli za maji hazitulii: nyingine zinabanduka kutoka kwenye barafu na kuingia majini, nyingine zinatoka majini na kujipanga tena kwenye barafu. Penye nyuzi sifuri wanaotoka na wanaorudi ni sawa, hakuna anayezidi. Tia chumvi. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa vipande vidogo mno vyenye chaji, yaani ioni za sodiamu na za kloridi, na ioni hizo hazina nafasi katika mpangilio wa barafu. Zinabaki majini, zinachukua sehemu ya mahali ambapo zamani palikuwa na maji matupu, na molekuli za maji zinazorudi kwenye barafu zinapungua. Zinazotoka hazijapungua. Basi barafu inaliwa polepole. Ili mizani irudi sawa, lazima ubaridi uongezeke mpaka zinazotoka zipungue pia. Huko kuhitaji ubaridi zaidi ndiko tunakokuita kushuka kwa kiwango cha kuganda. Na kila molekuli inayobanduka inahitaji joto la kubandukia, hivyo inalichukua kwa majirani zake: kikombe, hewa, lami, au mkono wako. Ndiyo maana kipimajoto kinashuka.

Kinachohesabiwa hapo ni idadi ya chembe zilizoyeyuka, si ukali wa kitu chenyewe. Sukari nayo hushusha kiwango cha kuganda, ila haigawanyiki na molekuli yake ni nzito, kwa hiyo gramu kwa gramu ni dhaifu mno. Kanuni ni hii:

```
ΔT = i × Kf × m
```

ΔT ni nyuzi ambazo kiwango cha kuganda kinashuka. Kf ni namba ya kimiminika chenyewe, na ya maji ni 1.86. m ni moli za kitu katika kilo moja ya maji, na moli ni kipimo cha kuhesabia chembe. i ni idadi ya vipande vinavyopatikana kila chembe ya kitu hicho inapogawanyika, na kwa chumvi ya mezani ni 2. Gramu 58.5 za chumvi katika kilo ya maji ni moli moja, basi kanuni inasema maji hayo yagande penye nyuzi 3.7 chini ya sifuri. Ukipima utapata kama 3.4, kwa sababu ioni zenye chaji huvutana na haziko huru kabisa. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kanuni inavyozidi kupotoka, kwa hiyo hesabu ya njia yako nitaifanya kwa vipimo halisi vya maji ya chumvi.

Mita mraba 10 zenye barafu ya milimita 2 ni kama kilo 18 za barafu. Penye nyuzi 14 chini ya sifuri, maji ya chumvi hubaki maji pale tu chumvi inapofika kama asilimia 18 ya uzito wote. Maana yake kila kilo ya barafu inataka gramu 220 za chumvi. Kuimaliza barafu yote ulihitaji kama kilo 4. Ulikuwa na moja, na hiyo iliweza kuyeyusha robo tu. Robo yenyewe ndiyo yale matundu uliyoyaona: kila punje ilijichimbia kisima chake, ikazama kuelekea chini, maji yakaizunguka, na ilipofikia ukomo wake ikasimama. Ungemwaga kiasi hichohicho siku ya nyuzi 2 chini ya sifuri, gramu 35 zingetosha kwa kila kilo ya barafu, na njia yote ingesafika na chumvi ingebaki.

Tuseme mchana baridi ilipungua hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Hapo maji yanahitaji chumvi asilimia 8 tu, kwa hiyo kilo yako ilipata nguvu ya kuyeyusha kilo 11 hadi 12 za barafu. Ukafurahi. Jioni baridi ikarudi 14. Maji yale ya asilimia 8 hayawezi kubaki yalivyo; yanaganda kidogokidogo, na kinachoganda ni maji matupu, chumvi inaachwa nyuma. Maji yaliyobaki yanazidi kuwa makali mpaka yafike asilimia 18 tena. Barafu mpya iliyotokea haina mikwaruzo ya viatu wala theluji iliyokanyagwa: ni laini kama kioo, na juu yake kuna utando wa maji ya chumvi. Kwa vyovyote iteleze kuliko ya asubuhi.

Umejijibu na swali la bahari, maana ni jambo hilohilo. Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na huanza kuganda penye nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Chumvi haizuii kuganda, inakuahirisha tu. Yanapoanza, barafu inaisukuma chumvi nje. Nyingine inazama na maji mazito, nyingine inanaswa katika vifuko vidogo ndani ya barafu. Vifuko hivyo vinavuja mwaka hadi mwaka, hata barafu ya bahari iliyokaa miaka kadhaa huweza kuyeyushwa na kunywewa. Kwa hiyo bahari haina siku moja ya kuganda yote kama bakuli la maji: kila inapoganda kidogo, iliyobaki inadai baridi zaidi.

Wanaohudumia barabara wanalijua hili, ndiyo maana hawajaribu kuyeyusha barafu yote. Hupenda kupita kabla, wakinyunyiza maji ya chumvi ya asilimia 23 juu ya lami kavu ili barafu isishike. Asilimia hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Karibu na hapo ndipo maji ya chumvi hufika mwisho wa uwezo wake, nyuzi 21 chini ya sifuri; ukizidisha chumvi hupati zaidi ya hapo. Na kazini ukomo unakuja mapema zaidi: kuanzia kama nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inakuwa ya polepole na ya gharama, wengi wakageukia mchanga, ambao hauyeyushi kitu ila unampa mtu pa kukanyaga. Wewe pia, siku ya 14, koleo kwanza, mchanga baadaye.

Najua jirani atasema kuna chumvi inayopata moto kweli. Ipo, kloridi ya kalsiamu. Iliyokauka kabisa, gramu moja ikiyeyuka hutoa joto la kuyeyusha kama gramu 2 za barafu, halafu basi. Kazi iliyobaki inafanywa na ioni zake tatu, zinazoyaweka maji katika hali ya maji hadi karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Muuzaji anayekwambia mfuko wake "unachoma barafu" amechukua sehemu ndogo ya ukweli akaifanya ndiyo biashara.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Neno "moto wa chumvi" halibaki barabarani. Nimeshakutana na mtu anayejiita fundi wa misuli anayewaagiza watu wenye goti lililovimba wafunge barafu iliyochanganywa na chumvi, eti joto la chumvi linapenya wakati barafu inatuliza. Kijana mmoja aliniletea kiganja chake baada ya mchezo wa kushindana nani atavumilia zaidi: kipande cha barafu, chumvi kidogo, ngumi imefumbwa. Aliniambia chumvi ndiyo iliyomchoma. Haikumchoma. Barafu peke yake ikiyeyuka mkononi haishuki chini ya sifuri. Ukiitia chumvi umetengeneza kile kikombe chetu, na ngozi ndiyo inayotoa joto la kubandulia zile molekuli. Maji yaliyomo kwenye nyama yanaganda. Ganzi inayokuja baada ya dakika moja au mbili watu huiita dawa kuingia, kumbe neva zimenyamaza.

Ngozi ikishakuwa nyeupe au kijivu, ngumu kama nta, isiyohisi kidole kikiibonyeza, suuza chumvi yote. Tia sehemu hiyo ya mwili katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, usiisugue, usiipeleke kwenye jiko wala hita kwa sababu haitajua inaungua, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamekwisha.