Xfce au Cinnamon kwa RAM ya GB 4?

"Wakuu, niko UDOM, nina laptopu ya mtumba RAM GB 4. Mint ipi haitanizingua? Linux ndo naanza."

Chukua Mint yenye muonekano wa Xfce, mdogo wangu. Jamaa aliyekushauri uchukue muonekano wa Cinnamon hajakosea, inapendeza zaidi, na aliyetoka Windows hapotei. Ila ikiwaka tu, imeshakula kama GB 1. Xfce inakula pungufu. Sura yake ya kizamani kidogo, utaizoea.

Mlafi hasa ni kivinjari. Fungua tabo zako za kila siku, kisha andika hii kwenye terminal:

```
free -h
```

Tazama `available`, yaani RAM ambayo bado inaweza kutumika. Ikikaribia sifuri huku Swap, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM, ikizidi kutumika, ndipo mashine inaganda.

Kama Cinnamon umeshaiweka, usifute:

```
sudo apt install mint-meta-xfce
```

Toka, kisha chagua Xfce unapoingia tena.